Alikolala Gandhiji: Barua Moja, Stempu ya Twiga na Safari ya 1912
(Maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa Gerezani, Dar es Salaam, katika wiki ya maadhimisho ya hekalu letu)



Kamati ilitukabidhi sisi watatu kazi moja kabla ya sherehe hizi. Kuna nyumba ya ghorofa moja hapa Gerezani, duka chini na makazi juu, ambayo wengi wenu mmelelewa mkisikia kwamba Mahatma Gandhi alilala humo usiku mmoja mwaka 1912. Lilitolewa wazo kwamba katika maadhimisho haya ukutani pawekwe kibao cha marumaru chenye maneno hayo, na picha yake ichapwe katika kitabu hiki cha kumbukumbu. Jiwe lilikwisha kununuliwa. Kilichobaki ni mchongaji kupewa maneno ya kuchonga. Tukaombwa tuyahakiki maneno hayo, na hapa tunawaeleza jinsi tulivyofanya na tulipofikia.

Tuanze na yale ambayo hayana mzozo. Gandhiji aliijua pwani yetu. Mwezi Aprili 1893, akiwa wakili kijana wa miaka 23, alipanda meli Bombay kwenda Afrika Kusini kushughulikia kesi ya wafanyabiashara wa Kigujarati. Anasimulia katika kitabu cha maisha yake kwamba walifika Lamu baada ya siku kama 13, wakapita Mombasa, kisha Zanzibar, ambako ilibidi abadilishe meli. Akapanga vyumba mjini, akawa anazunguka kutazama mji na mandhari yake. Kisha akaendelea kupitia Msumbiji, akafika Natal mwishoni mwa Mei.

Safari ya pili inayotuhusu ni ya mwaka 1912. Gopal Krishna Gokhale, kiongozi mashuhuri wa India ambaye Gandhiji alimheshimu kama mwalimu wake, alifika Cape Town tarehe 22 Oktoba mwaka huo kuwatembelea Wahindi wa Afrika Kusini. Alipoondoka mwezi Novemba, Gandhiji na rafiki yake Hermann Kallenbach walimsindikiza kwa meli kutoka Delagoa Bay, ndiyo Maputo ya leo, na Gandhiji anaandika kwamba walimfikisha hadi Zanzibar. Anaitaja Inhambane na Zanzibar miongoni mwa mahali ambapo Gokhale alikaribishwa kwa heshima, na kuongeza kwamba palikuwa na bandari nyingine pia. Meli za Kijerumani zilizopanda pwani hii kutoka kusini zilikuwa na desturi ya kutia nanga Dar es Salaam, iliyokuwa makao makuu ya koloni lao, kabla ya kuvuka kwenda Zanzibar. Kwa hiyo habari ya nyumba ya Gerezani si hadithi ya kutungwa hewani. Ina mahali pa kusimama. Swali letu lilikuwa kama inaweza kusimama hapo na maneno yote iliyobebeshwa.

Ushahidi uliokuwapo ni barua moja. Inatunzwa na mama mmoja mzee wa familia iliyokuwa ikimiliki nyumba hiyo, ambaye sote tunamwita Ba. Alitufungulia kasha la bati, akatoa bahasha iliyofungwa katika kitambaa cha pamba. Ndani yake mna karatasi mbili nyembamba, zilizoandikwa Kigujarati na babu wa mumewe, kutoka Dar es Salaam kwenda kwa ndugu yake aliyebaki Kathiawad. Barua ilirejea huku miaka mingi baadaye pamoja na vitu vya marehemu. Juu imeandikwa siku ya kalenda yetu, Kartak Vad ya tatu, bila mwaka.

Familia ilikuwa imefanya hesabu yake, na hesabu yenyewe haikuwa mbaya. Mwezi wa Kartak huanza baada tu ya Diwali. Mwaka 1912 Diwali iliangukia mapema Novemba, na Kartak Vad ya tatu ikaangukia siku chache kabla ya Desemba, wakati ule ule wa safari ya Gokhale. Barua inamtaja Gandhiji. Basi, wakasema, barua iliandikwa siku zile zile, na mwandishi anaeleza aliyoyaona jana au juzi.

Hapo ndipo tulipotaka kwenda polepole. Kartak Vad huja kila mwaka. Kuafikiana kwa mwezi kunatuambia tu kwamba mwaka 1912 unawezekana, kama unavyowezekana mwaka mwingine wowote ambao mwandishi alikuwa hai na yuko Dar es Salaam. Hata pale mwaka wa samvat unapoandikwa, msomaji anaweza kukosea, kwa sababu mwaka wa Kigujarati haubadiliki Januari. Samvat 1969 ilianza Novemba 1912 na kwisha Oktoba 1913. Ukitaka kujua mwaka wa kawaida, kwa barua ya Kartak unatoa 57, na kwa barua ya Chaitra, miezi mitano baadaye, unatoa 56. Wengi hutoa namba moja kwa mwaka mzima, wakamsogeza mtu mwaka mmoja mbele au nyuma, na kumlaza katika mji aliokwisha kuuhama.

Barua yetu haikuwa hata na samvat ya kukosea. Ikabidi tuigeukie bahasha.

Mhuri wa posta umefifia. Dar es Salaam inasomeka, mwaka hausomeki. Lakini stempu iko nzima, na juu yake kuna kichwa cha twiga na neno Tanganyika. Tunawaomba vijana waliangalie jambo hili kwa makini, kwa kuwa ndilo lililoamua sehemu kubwa ya kazi. Mwaka 1912 hapakuwa na nchi iliyoitwa Tanganyika katika stempu yoyote duniani. Stempu za hapa ziliandikwa jina la koloni kwa Kijerumani, Deutsch-Ostafrika, zikiwa na picha ya meli, na thamani yake ilikuwa kwa heller, zile zilizotuachia neno hela tunalolitamka kila siku. Waingereza walipoishika nchi wakati wa vita, walitumia kwanza stempu zilizogongwa herufi G.E.A. Twiga alitolewa mwaka 1922, na mwaka 1927 nafasi yake ikachukuliwa na picha ya mfalme. Bahasha yenye twiga, kwa hiyo, haiwezi kutangulia mwaka 1922.

Mtu makini atauliza: je, kama barua ni ya 1912 na iliwekwa baadaye katika bahasha nyingine? Ni swali la haki, kwani makasha ya wazee wetu yamejaa bahasha zilizobadilishana barua. Tulitazama mambo matatu. Mwandiko wa anwani ni ule ule wa barua. Mikunjo ya karatasi inalingana na vipimo vya bahasha, wala hakuna mikunjo mingine ya zamani zaidi. Tena kuna doa la maji lililopenya kutoka pembe ya bahasha hadi pembe ya karatasi zote mbili, mahali pale pale. Barua hii na bahasha hii zimesafiri pamoja.

Kisha tukaisoma barua yenyewe upya, neno kwa neno, pamoja na Ba, ambaye Kigujarati chake cha zamani kinapita chetu. Katikati ya ukurasa wa pili mwandishi anamkumbusha ndugu yake habari za siku zile za Wajerumani. Mtu anayeishi chini ya Wajerumani hawezi kuandika hivyo. Ndani na nje, barua inasema jambo moja: iliandikwa kati ya miaka 10 na 15 hivi baada ya safari ya 1912. Ni kumbukumbu, na kumbukumbu ni ushahidi wa namna yake, lakini haipimwi kama habari iliyoandikwa jioni ya siku yenyewe.

Sasa kumbukumbu hiyo inasema nini? Inasema kwamba Gandhiji alishuka kutoka melini pamoja na Gokhale, kwamba watu wa jamii yetu waliwapokea, na kwamba baba yake mwandishi aliwapa maji na maziwa.

Tuliisoma mara tatu. Haisemi kwamba alilala.

Ba alinyamaza kitambo, kisha akacheka kidogo. “Wanangu,” akasema, “mimi niliolewa katika nyumba hii nikaambiwa alilala. Sikuwahi kuuliza nani alisema.” Hakuna aliyedanganya. Habari ilipokuwa ikipita kutoka mdomo hadi mdomo, kupokelewa kukawa kukaribishwa ndani, kukaribishwa ndani kukawa kulala, na barua ikabaki kashani ikiheshimiwa bila kusomwa.

Yako pia yale maziwa. Gandhiji ameeleza mwenyewe kwamba aliacha kunywa maziwa mwaka 1912, alipokuwa akiishi pamoja na Kallenbach katika Shamba la Tolstoy, wakijilisha kwa matunda. Je, hiyo inaivunja barua? Hatudhani. Mwenyeji huandaa kile alicho nacho, na anayekumbuka miaka 10 baadaye hukumbuka alichoandaa baba yake, si kile mgeni alichokiacha katika bilauri. Huenda maziwa yalikuwa ya Gokhale. Lakini linatufundisha uzito wa kuipa kila sentensi. Kwamba familia ilikuwapo kwenye mapokezi, barua ni shahidi mzuri. Kuhusu nini hasa Gandhiji alifanya na kula, barua ni shahidi dhaifu.

Tulikuwa bado hatujamaliza, kwa sababu mtu angeweza kusema: barua haikutaja kulala, lakini haikukanusha. Tukajiuliza kama meli yenyewe inaruhusu. Hapa yako makosa mawili ambayo watu hufanya katika habari za wasafiri.

La kwanza ni kudhani kwamba mahali meli iliposimama ndipo abiria alipolala. Abiria aliyekwisha kulipia chumba melini alishuka kwa mashua kusalimia watu, akarudi kabla ya nanga kung'olewa. Chumba chake kilikuwa melini. Ulinganisheni wa 1893 na wa 1912. Mwaka 1893 Gandhiji alilazimika kulala Zanzibar kwa sababu meli yake ilikwisha kumfikisha na alikuwa akingoja nyingine. Hapo kulala nchi kavu kuna sababu, naye mwenyewe anasema alipanga vyumba. Mwaka 1912, kwa safari ya kupanda na meli ile ile, sababu ya namna hiyo haionekani kwa Dar es Salaam.

Kosa la pili ni kuiamini orodha ya abiria kupita kiasi. Magazeti ya bandari yalichapa majina ya abiria wa madaraja ya juu, na wale wa sitahani, ambao ndio walikuwa wazee wetu wengi, wakahesabiwa kwa idadi tu. Mwaka 1893 daraja la kwanza lilikuwa limejaa pale Bombay, na Gandhiji akapata nafasi kwa sababu afisa mkuu wa meli alikubali kumpa kitanda cha ziada katika chumba chake mwenyewe. Mtu aliyesafiri hivyo anaweza asionekane mahali unapomtafuta. Kwa hiyo jina likiwamo orodhani ni ushahidi; jina lisipokuwamo si kanusho.

Hata maneno ya msafiri mwenyewe yanataka kupimwa. Katika ukurasa ule ule wa kitabu chake Gandhiji anasema meli ilikaa Zanzibar siku 8 au 10, na kisha anasema ilimbidi abaki hapo wiki moja. Alikuwa akiandika katika miaka ya 1920, zaidi ya miaka 30 baadaye. Tukizihesabu siku zote, tangu kuondoka Bombay Aprili hadi kufika Natal mwishoni mwa Mei, zinatosha kwa wiki na zinatosha kwa siku 10. Kwa hiyo anayeandika kwa uaminifu atasema “kati ya wiki moja na siku 10”, bila kuchagua ile inayompendeza.

Linabaki jambo moja ambalo linatuhusu sote tulio na barua nyumbani. Wengi hudhani kwamba anwani iliyochapwa juu ya karatasi ndiyo nyumba ya mwandishi. Gandhiji alipokuwa wakili Johannesburg, karatasi zake za ofisi zilibeba anwani ya Court Chambers, pembe ya mitaa ya Rissik na Anderson, pamoja na sanduku la posta namba 6522. Hapo alifanya kazi. Kulala alilala kwingine, na kwingine huko kulibadilika mara nyingi. Kuna kipindi aliishi na familia yake mtaa wa Troyeville, kipindi aliishi na Kallenbach huko Orchards, na tangu 1910 katika Shamba la Tolstoy, kilomita kama 34 kutoka mjini. Wakati huo huo, tangu 1904, palikuwa na makazi ya Phoenix karibu na Durban, ambako mkewe Kasturba na watoto walikaa muda mrefu yeye akiwa Johannesburg. Anayefuata anwani iliyochapwa peke yake atamfungia mtu huyu ofisini kwa miaka mingi. Kinachomtoa humo ni maneno ya ndani ya barua: treni aliyoikosa, nani anapika, mtoto gani ameugua, mhuri wa posta ya stesheni ipi. Sisi wa Dar es Salaam tungepaswa kulijua hili kuliko wengine, kwa kuwa mji wetu umeandikiana kwa S.L.P. tangu zamani. Ukikuta barua ya babu yako yenye sanduku la posta, umepata duka alilolifanyia biashara, au hata duka la mjomba wake. Kitanda chake bado hujakipata.

Na nyumba ya Gerezani yenyewe? Ukutani, juu ya mlango, mwaka 1936 umefinyangwa katika saruji. Wapo waliosema hilo peke yake lingetosha kuimaliza kesi. Hatukukubali, kwa kuwa familia imesema siku zote kwamba ghorofa hii ilijengwa palipokuwa na nyumba ya awali ya matope na mabati. Mwaka uliofinyangwa unatupa umri wa ukuta, hautupi umri wa kiwanja. Lakini unatosha kutuambia kwamba kibao chenye maneno “alilala katika nyumba hii” kingekuwa na kosa hata kama alilala.

Hivi ndivyo tulivyoiandikia Kamati. Gandhiji alipita pwani hii mwishoni mwa 1912, akimsindikiza Gokhale hadi Zanzibar. Barua ya familia moja ya Gerezani, iliyoandikwa mwaka 1922 au baadaye, inakumbuka kwamba aliteremka Dar es Salaam na kwamba mkuu wa familia hiyo alikuwamo kati ya waliompokea. Hakuna andiko tuliloliona linalosema kwamba alilala hapa. Kitanda ambacho yeye mwenyewe anatusimulia katika kitabu cha maisha yake kiko Zanzibar, mwaka 1893, katika vyumba vya kupanga ambavyo hakuvitaja mtaa.

Tulikwenda kumweleza Ba kabla ya kuiambia Kamati, kwani tuliona si adabu asikie barazani. Tulihofia kwamba tunamnyang'anya kitu. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja: “Lakini baba mkwe mkubwa alikuwapo pale bandarini?” Tukamjibu kwamba barua inasema hivyo, nasi hatuna sababu ya kuikataa. “Basi andikeni hivyo,” akasema. “Alikwenda kumpokea. Hilo linatutosha.”

Kamati imekubali. Picha mtakayoiona katika kitabu hiki ni ya barua, kurasa zote mbili, na bahasha yake yenye twiga, pamoja na tafsiri ya Kiswahili iliyopitiwa na Ba mwenyewe. Jiwe la marumaru halijachongwa. Liko katika ghala la hekalu. Na kwa kuwa kuna makasha mengine ya bati katika nyumba za Gerezani, Kariakoo na Kisutu, tunawaomba jambo moja dogo. Mkifungua barua za wazee, msizitenge na bahasha zake, msibandue stempu kwa ajili ya watoto, na msiandike mwaka juu yake kwa kalamu kwa kukisia. Andikeni pembeni, katika karatasi nyingine, nani aliwapa na lini. Atakayekuja baada yetu kuuliza mzee fulani aliishi wapi atahitaji vyote hivyo.